Dakika Arobaini na Sita za Vaileth

Vaileth alinipigia simu Jumatatu saa tatu asubuhi. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za miguu yangu, akauliza kama baridi ya Oktoba imekwisha ingia nyumbani kwangu, na ndipo akasema kwamba cheti chake cha semina ya Jumamosi hakijafika. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha jiandaa kuambiwa hapana.

Vaileth ni muuguzi wa wodi ya mifupa. Muuguzi wa hapa Uingereza huhuisha usajili wake kila baada ya miaka mitatu, na lazima aonyeshe saa thelathini na tano za kujisomea, na ishirini kati ya hizo awe amesoma pamoja na wenzake, si peke yake na kitabu. Vaileth alikuwa amebakiza saa moja na nusu za kusoma na wenzake, na semina yetu ilikuwa ya saa moja na nusu kamili. Alhamisi alikuwa na miadi na muuguzi mkuu ambaye angekagua makaratasi yake na kuyathibitisha. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha. Siku hiyo ikipita, jina linatoka kwenye daftari la wauguzi, na mtu hawezi kushika kazi hiyo mpaka arudishwe, jambo ambalo huchukua wiki nyingi.

Nilimwambia asubiri kwenye simu nikafungua kompyuta.

Chama chetu cha wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki hapa kusini-mashariki ya London kina wanachama mia moja na ishirini hivi, na mimi ni katibu wake wa mafunzo. Sikuwahi kuwa muuguzi. Nilisukuma vitanda na kubeba sampuli za maabara hospitalini kwa miaka thelathini na moja, na hesabu nilizisoma jioni, baada ya kazi, katika darasa la watu wazima Woolwich, miaka minne bila kukosa. Kwa hiyo Ian, kijana wa mwenyekiti wetu, alipohamia Leeds mwezi wa Agosti na kukawa hakuna wa kushika ripoti za semina za mtandaoni, nilijitolea mwenyewe. Aliniachia karatasi moja ya maelekezo yenye mistari mitatu: fungua ripoti ya mahudhurio, jumlisha dakika za kila jina, anayefika sabini na tano, mtumie cheti. Somo ni la dakika tisini, kuanzia saa nane mchana mpaka saa tisa na nusu, na kiwango cha chini cha kukaa ili upate cheti ni dakika hizo sabini na tano.

Ripoti ni jedwali tu. Upande wa kushoto kuna jina ambalo mtu alijiandikisha nalo, kisha barua pepe yake, kisha saa aliyoingia, saa aliyotoka, na mwishoni dakika alizokaa. Anayetoka akarudi hupata mstari wa pili, na akitoka tena, wa tatu. Walikuwa watu sitini na wanne. Jina la Vaileth lilikuwa na mstari mmoja: aliingia 14.03, akatoka 14.49, dakika arobaini na sita.

Nilimsomea. Akasema alikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nikamwuliza nini kilitokea saa nane na dakika arobaini na tisa. Akasema simu yake iliisha chaji ikazima. Nikauliza baada ya hapo alifanyaje.

"Niliendelea, mzee."

"Uliendelea na nini, ikiwa simu imezima?"

"Niliendelea tu."

Sikulipenda jibu hilo, lakini pia halikunifanya nimwone mwongo. Mwongo angekuwa na maelezo mengi. Basi nikampima. Semina ile haikurekodiwa, kwa sababu Lydia, mtaalamu wa vidonda aliyeifundisha, alikuwa anaonyesha picha za wagonjwa. Nilimwuliza Vaileth Lydia alimaliza kwa picha gani. Akajibu bila kufikiri: picha ya kisigino, na mto uliowekwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee hewani, na Lydia akasema watu wengi huuweka mto chini ya kisigino chenyewe na ndipo wanapoharibu. Hayo yalisemwa dakika tano kabla ya mwisho. Niliyakumbuka kwa sababu niliyaandika.

Kwa hiyo nilikuwa na mtu aliyeona mwisho wa somo, na ripoti inayosema aliondoka katikati. Moja kati ya hayo mawili lilikuwa halijasomwa sawasawa. Nilimwambia Vaileth anipe mpaka kesho. Akasema ahsante, mzee, lakini kama haiwezekani basi, asingependa kusumbua watu. Hilo la kusumbua watu nililisikia vizuri, ila sikulielewa siku ile.

Nilianza kwa kuchunguza kama nimeisoma ripoti vibaya. Niliirudia mstari kwa mstari, nikiwa na rula juu ya kioo cha kompyuta ili macho yasiruke, na jambo la kwanza nililogundua halikumhusu Vaileth hata kidogo. James, ambaye ni fundi wa viungo bandia, alikuwa na dakika mia moja thelathini na moja katika somo la dakika tisini. Nilicheka peke yangu. Nilipoangalia mistari yake nikaona aliingia kwa kompyuta 13.58 akatoka 15.33, dakika tisini na tano. Na kwa simu aliingia 14.20 akatoka 14.56, dakika thelathini na sita. Vyombo viwili vilikuwa ndani kwa wakati mmoja, na maelekezo ya Ian yalinifanya nizijumlishe kama vile James alikuwa watu wawili. Kwake haikudhuru, maana kwa kompyuta peke yake alikuwa amevuka kiwango. Lakini nilishangaa kwamba tangu Agosti nilikuwa nikijumlisha bila kujiuliza ninajumlisha nini.

Jambo la pili lilinichoma zaidi. Faridah, mkunga, alikuwa na dakika sabini na nane, na cheti nilikwisha mtumia. Aliingia 13.46 akatoka 15.04. Mwenyekiti wetu hufungua mlango wa semina robo saa kabla ili watu wasalimiane, na watu wetu wakianza kusalimiana mnajua wenyewe. Ripoti ilianza kumhesabia Faridah dakika tangu alipoingia, si tangu Lydia alipofungua mdomo. Ukiondoa zile dakika kumi na nne za salamu, Faridah alikaa darasani dakika sitini na nne tu. Nilimpa cheti kwa kusalimia watu.

Nilichukua daftari nikaandika upya namna ya kuhesabu. Kwanza, kata kila kilicho kabla ya saa nane na kila kilicho baada ya saa tisa na nusu. Pili, mistari ya mtu mmoja ikipandana, hesabu muda uliopita kwenye saa ya ukutani, usihesabu vyombo. Tatu, ndipo ulinganishe na sabini na tano. Nilirudia majina yote sitini na manne kwa mkono. Ilinichukua mpaka adhuhuri, na chakula nilikula nimesimama. Wengi hawakubadilika. Faridah alianguka. Vaileth alibaki pale pale: dakika arobaini na sita.

Basi nikaanza kufikiri kuhusu simu iliyozima. Kama Vaileth aliendelea, lazima aliendelea kwa kitu. Huenda aliingia upya kwa chombo kingine na jina jingine. Wanawake wetu wengi vyombo vyao vimeandikwa kwa majina ya watoto wao, Mama nani, Mama nani. Lakini semina yetu ni ya kujiandikisha, kila mtu hupata linki yake mwenyewe, na jina linalotokea kwenye ripoti ni lile alilojiandikisha nalo. Hata hivyo niliangalia nani aliingia baada ya 14.49. Walikuwa wawili tu. Exaucé, Mkongo anayefanya kazi kliniki hapa Woolwich, aliingia 14.52, na alikuwa amenitumia ujumbe mapema kwamba kazi itamchelewesha. Tevin aliingia 14.58, akatoka baada ya dakika tano, akarudi, akatoka tena, na huyo nilimjua: alikuwa kwenye treni.

Hakuna mwingine aliyeingia. Nilikaa nikiitazama safu ile ya saa za kuingia kwa muda mrefu. Ikiwa Vaileth aliliona somo mpaka mwisho, na ikiwa hakuna mlango mpya uliofunguliwa baada ya simu yake kuzima, basi alikaa mbele ya chombo kilichokuwa kimekwisha ingia. Chombo cha mtu mwingine, chenye jina la mtu mwingine.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilisimama, nikazunguka meza, nikakaa tena. Wazo lilikuwa jepesi kabisa na bado sikuwahi kuwa nalo: ripoti haijui nani ameketi. Inajua linki ipi imefunguliwa na imefungwa saa ngapi. Yaliyobaki tunayaongeza sisi.

Mashine ya nani, sasa? Jukwaa letu hutoa pia ripoti nyingine mbili ambazo Ian hakuzitaja kwenye karatasi yake. Moja ni ya majibu ya kura, yale maswali mafupi ambayo mwalimu huwauliza watu katikati ya somo. Nyingine ni ya maswali ambayo watu humwandikia mwalimu, na kila swali lina jina na saa. Nilizifungua zote mbili. Kwenye kura ya kwanza, saa nane na nusu, Vaileth alijibu kwa jina lake. Kwenye ya pili, saa tisa na dakika ishirini, hakuwepo. Hilo halikunisaidia.

Maswali yalikuwa kumi na moja. La nane liliandikwa 15.12 kwa jina la Placida, nami nilikwisha lipita kabla jicho halijarudi lenyewe. Liliuliza hivi: wodini kwetu mgonjwa aliyetoka kupasuliwa nyonga hukataa kugeuzwa kwa sababu ya maumivu, dawa ya maumivu apewe muda gani kabla ya kumgeuza?

Placida namfahamu. Ni jirani ya Vaileth kule Thamesmead, wote wawili wanasali kanisa moja. Anahudumia wazee katika nyumba ya wazee karibu na Abbey Wood, na ni hodari kwa kazi hiyo. Lakini hana wodi, na hakuna mtu anayepasuliwa nyonga katika nyumba ya wazee.

Mstari wake kwenye ripoti ulikuwa safi, wa kupendeza: aliingia 13.54, akatoka 15.36, dakika mia moja na mbili, mstari mmoja bila kukatika. Cheti chake kilikuwa kimekwenda Jumamosi ile ile jioni.

Hapo ndipo nilipoelewa ukimya wa Vaileth kwenye simu. Alikuwa nyumbani kwa Placida. Kama angesema aliendelea kwa laptop ya Placida, ningeuliza Placida alikuwa wapi. Mgeni hamchongei mwenyeji wake. Alikuwa radhi kupoteza saa yake moja na nusu, na pengine usajili wake, kuliko kulisema hilo kwa mtu wa ofisi, na mtu wa ofisi alikuwa mimi.

Jumanne nilichapisha karatasi mbili, nikampigia Placida kuuliza kama yuko nyumbani, nikapanda basi kwenda Thamesmead. Alikuwa amemaliza zamu za usiku na ana siku mbili za kupumzika. Alinifungulia mlango akiwa amejifunga kanga kiunoni na mwiko mkononi.

"Shikamoo, Mzee Protas. Mbona umekuja na makaratasi kama mtu wa kanso, wa kudai kodi ya manispaa?"

"Marahaba. Watu wa kanso hawanywi chai. Mimi nitakunywa."

Aliniletea chai ya tangawizi na vitumbua viwili, akakaa mbele yangu. Niliweka karatasi ya kwanza mezani, mstari wake nimeupigia wino. Aliusoma kwa sauti.

"Dakika mia na mbili. Mwanafunzi bora. Umeniletea zawadi?"

"Placida, unafanya kazi wodi gani?"

"Wodi? Mimi nimeanza lini kazi ya wodini?"

Niliweka karatasi ya pili. Alisoma swali, akaona jina lake, akasoma tena. Alianza kucheka na cheko likaishia njiani.

"Mzee, wewe ungekuwa askari, Thamesmead nzima ingekuwa ndani."

Nilimwambia sikuja kumfunga mtu, nilikuja kuuliza ilivyokuwa. Akanieleza, mwanzoni kwa mzaha, kisha kwa haraka. Walikubaliana wasome pamoja kwake, kwa sababu peke yako mbele ya mashine unasinzia. Yeye akafungua laptop mezani, Vaileth akawa na simu yake ili jina lake nalo lionekane. Simu ya Vaileth ni ya aina nyingine, waya wa Placida hauiingii. Ilipozima, Vaileth hakutaka kupitwa na somo kwa kwenda kwake kufuata waya wake, akavuta kiti akasogea kwenye laptop. Na wakati huo huo nyumba ya wazee walikuwa wamekwisha piga: mwenzao mmoja ameanguka ngazi, wazee kumi na mmoja, mtu mmoja tu ghorofani, Placida tafadhali. Alivaa viatu akaondoka.

"Sasa kosa langu lipi, mzee? Nilimwacha mgeni ndani, chombo kinawaka. Nimzimie?"

"Si kosa kumwachia. Ila zile dakika baada ya wewe kutoka si zako."

"Kwani mimi nimezidai? Cheti kimekuja chenyewe kwenye simu, nipo kwenye basi. Nikasema, haya, Mungu mkubwa."

Hakuwa na aibu, na kwa kweli sikuona kwa nini awe nayo. Mimi ndiye niliyemtumia. Aliongeza kwamba alikwisha mpelekea meneja wake, kwa kuwa mwezi ujao wanachagua msimamizi wa zamu, na meneja alimjibu kwa alama ya dole gumba. Nilimwacha aseme hilo lote. Kisha nikamwambia kwamba Vaileth hakupata.

"Hakupata nini?"

"Cheti. Ripoti inamwonyesha dakika arobaini na sita. Jina lake liliondoka na simu yake."

Placida aliweka kikombe chini. Aliuliza kama Vaileth anajua. Nikasema tangu Jumamosi jioni anaona hakijafika. Akauliza siku ya mwisho ya usajili wa Vaileth ni lini, nikamwambia mtondo, Ijumaa, na kesho kutwa ana miadi ya kukaguliwa.

"Jumapili tumekaa benchi moja," alisema. "Benchi moja, mzee. Ananiuliza shifti ilikwendaje, yule aliyeanguka anaendeleaje. Hakunigusia hata neno."

Aliitazama ile karatasi. Mimi nilikula kitumbua. Baadaye aliichukua simu yake ampigie Vaileth, nami nikamzuia kwa mkono. Nilimweleza kwamba ikiwa wataongea kwanza, kisha waniandikie, mwenyekiti atasema wamepanga. Aandike yeye peke yake sasa hivi, na Vaileth aandike peke yake, halafu nione kama saa zao zinakutana.

"Na nikiandika, changu kinakufa."

"Kinakufa. Ulikaa dakika hamsini, kama uliondoka saa niliyoidhania. Semina hii itarudiwa Novemba."

"Na meneja?"

"Meneja nitamwandikia mimi, kwamba chama kilikosea hesabu. Ndiyo kweli yenyewe."

"Hapana," alisema. "Nitamwambia mwenyewe. Aliyeniita kazini ni yeye, na atakumbuka saa."

Alifungua simu akatafuta. Nyumba ya wazee walimpigia 14.44. Saa 14.50 alimtumia meneja ujumbe kwamba anatoka mlangoni. Aliyaandika hayo kwenye barua pepe ya mistari mitano, akaisoma kwa sauti, akafuta neno moja, akaituma kwangu. Kisha akaniambia nimalize kitumbua cha pili kabla hakijapoa, kana kwamba hakuna lililotokea, lakini hakukaa tena kwenye kiti chake.

Nikiwa kituo cha basi nilimpigia Vaileth. Nilisema tu kwamba nimetoka kwa Placida, na Placida amekwisha andika ilivyokuwa, nami namwomba na yeye aandike, bila kuzungumza naye kwanza, simu ilizima saa ngapi na baada ya hapo alikaa wapi. Aliuliza kwa sauti ndogo kama Placida amekasirika. Nilimwambia aandike. Barua yake ilifika kabla basi halijafika Plumstead. Aliandika kwamba simu ilizima karibu na saa nane na dakika hamsini, kwamba mwenyeji wake aliitwa kazini wakati huo huo, kwamba alikaa kwenye laptop mpaka mwisho, na kwamba aliuliza swali moja na kujibu kura moja bila kubadilisha jina kwa sababu hakujua kama linabadilika.

Kwenye kura nilikuwa nimelitafuta jina la Vaileth tu. Niliifungua tena ile ripoti nilipofika nyumbani, na kweli, saa tisa na dakika ishirini, kwa jina la Placida, kulikuwa na jibu. Placida wakati huo alikuwa ghorofani na wazee kumi na mmoja.

Jumatano mchana nilikwenda kwa Margaret, mwenyekiti wetu, na karatasi zote ndani ya bahasha. Margaret alikuwa muuguzi mkuu kwa miaka mingi na hapendi mlango wa nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Nakuru kwamba yeye anampenda Vaileth sana lakini ripoti ni ripoti, na leo tukimfanyia huyu, kesho kila mtu atasema alikuwa kwa jirani.

Nilikuwa nimelitarajia hilo. Nilimwonyesha James na dakika zake mia moja thelathini na moja, nikamwuliza kama somo letu lilirefuka bila yeye kujua. Nilimwonyesha Faridah, na dakika kumi na nne za salamu.

"Salamu nilizozifungulia mlango mimi," alisema Margaret.

"Wewe mwenyewe."

"Na mwanangu ndiye alikuambia ujumlishe hivyo."

"Kwa mistari mitatu."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliuliza maswali mazuri, moja baada ya jingine, kama mtu anayekagua chati ya mgonjwa. Tunajuaje kwamba Vaileth hakwenda jikoni kwa nusu saa? Nikasema hatujui, kama tusivyojua kwa yeyote kati ya wale sitini na wanne. Lakini tunajua aliandika swali 15.12, alijibu kura 15.20, na aliiona picha ya kisigino. Ni ushahidi mwingi kuliko tulio nao kwa watu hamsini tuliowapa vyeti. Tunajuaje kwamba si Placida aliyebaki na Vaileth ndiye aliyeondoka? Nikampa ujumbe wa 14.50 kwa meneja. Je, dakika za Vaileth ni ngapi, kwa kuhesabu kwako kupya? Nikasema kutoka 14.03 mpaka 15.30, dakika themanini na saba. Na hata ukiniondolea tano za kuvuta kiti na kumsindikiza mwenzake mlangoni, themanini na mbili.

Kisha akasema tuandike katika kumbukumbu za chama kwamba tumerekebisha vyeti vitatu: Vaileth apewe, cha Placida na cha Faridah vifutwe, na wote wawili wapewe nafasi za kwanza Novemba. Tulitia saini wote. Faridah nilimpigia hapo hapo nikamweleza, na yeye akacheka akasema dakika kumi na nne za salamu ni chache mno, kwao Lamu mtu hajamaliza hata kuuliza habari za nyumbani. Cheti cha Vaileth kilitoka saa kumi jioni, na pamoja nacho barua yangu inayoeleza jinsi dakika zilivyohesabiwa, ili muuguzi mkuu wake akitaka kuuliza, ajue pa kuuliza.

Alhamisi sikufanya kazi ya maana. Nilisoma gazeti ukurasa ule ule mara tatu. Saa tisa Vaileth alipiga simu, na safari hii hakuanza na miguu yangu.

"Amesaini, mzee. Nimewasilisha kila kitu kwenye mtandao, wamenijibu kwamba wamepokea."

Nilimpongeza. Akasema yule muuguzi mkuu aliisoma barua yangu mara mbili, akauliza aliyeiandika ni mtu wa takwimu wa wapi. Sitaficha kwamba hilo nililipokea vizuri. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, kwamba Jumanne alinikasirikia mpaka akashindwa kula. Nilikwenda kwa Placida bila kumwuliza yeye kwanza. Usiku kucha alikuwa akifikiri atapitaje mlangoni kwake, wanaishi ghorofa moja. Asubuhi Placida ndiye aliyegonga. Hakusalimu, alisema tu: wewe ni mtu gani unakaa na mimi benchi moja na huniambii? Waligombana ukumbini kwa robo saa nzima, mpaka jirani akafungua mlango kuwatazama, na baadaye wakanywa chai.

Niliomba radhi kwa kutomwuliza. Akasema yamekwisha. Lakini bado nilikuwa na swali langu, na nikiwa na swali silali, basi nikaliuliza. Kama nisingeliona lile swali la nyonga, angenyamaza mpaka Ijumaa ipite?

Nilisikia kelele za wodi nyuma yake, kengele ya mgonjwa, mtu akiita jina lake.

"Sijui, mzee," alisema. "Nilikuwa namwomba Mungu ulione mwenyewe."

Kisha akasema anaitwa, akakata.